Pengo Lisilo na Msikilizaji

Katika vitabu vingi vya mazoezi ya Kiingereza vinavyotumika katika shule zetu kuna ukurasa mmoja usiobadilika. Juu yake pana agizo la kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa kutumia "a", "an" au "the". Chini yake zimepangwa sentensi kumi, kila moja na mstari wake mtupu, kila moja mgeni kwa jirani yake. Ya kwanza inamtaja mwalimu, ya pili chungwa, ya tatu jua, ya nne farasi ambaye mwanafunzi hajapata kumwona. Nyuma ya kitabu yamo majibu, jibu moja kwa kila pengo, na mwalimu hupita na kalamu nyekundu akiyafuata majibu hayo kama hakimu afuatavyo sheria.

Nashikilia kwamba zoezi hili, kwa umbo lake hilo, ni baya. Humtia kosani mwanafunzi aliyejibu sawasawa, humpasisha yule ambaye bado hajajua, na limesimama juu ya dhana potofu kwamba msemaji wa Kiswahili hana kabisa kichwani mwake kile ambacho vineno hivyo vitatu hukitaja. Kwa sababu hiyo ya mwisho nimeona shauri hili liwafikie washairi na wapenzi wa lugha, wala lisiachiwe walimu wa Kiingereza peke yao.

Nianze kwa kulipa zoezi hilo haki yake, maana lina sehemu moja iliyo halali. Kuchagua kati ya "a" na "an" hakuhitaji kujua habari yoyote iliyo nje ya sentensi. Jibu limo katika sauti ya neno linalofuata: likianza kwa irabu ni "an", likianza kwa konsonanti ni "a". Linalotazamwa ni tamko, si herufi. Ndiyo maana Waingereza husema "an hour", kwa kuwa "h" ile haitamkwi, na husema "a university", kwa kuwa "u" ile hutamkwa "yu". Hapa pengo katika sentensi ya pekee linapima barabara, na mtoto wetu hana ugeni na jambo lenyewe. Anayesema "kitabu changu" wala hasemi "kitabu kiangu" amekwisha kujua kwamba kiambishi hubadili umbo kinapokutana na irabu. Zoezi lingeishia hapo, nisingeandika neno.

Tabu huanza linapoingia "the". Chukua sentensi ya aina ambayo kila aliyepita darasani ataitambua:

"…… teacher is standing at …… door."

Majibu ya nyuma ya kitabu yatasema pengo la kwanza ni "The", na la pili ni "the". Mwanafunzi akiandika "A" katika la kwanza, atapigwa mkasi. Lakini amekosa nini? Ikiwa watoto wamo darasani wakipiga kelele, na mmoja anawaonya wenzake kwamba mwalimu wao amesimama mlangoni, basi ni "The teacher". Ikiwa mama yuko jikoni, amesikia hodi, na mtoto aliyekwenda kuchungulia anarudi kumwambia kwamba kuna mwalimu amesimama mlangoni, basi ni "A teacher". Sentensi ni ile ile, mlango ni ule ule, na Kiingereza ni safi katika hali zote mbili. Kinachotofautiana ni watu: nani anasema, anamwambia nani, na yule anayeambiwa ana habari gani tayari. Mtunga zoezi amewaondoa watu hao kwenye ukurasa, kisha anadai jibu ambalo wao tu ndio wangeweza kuliamua. Mwanafunzi anayepata alama hapo hakujua. Amebahatisha kile kilichokuwa kichwani mwa mtunga zoezi.

Kasoro hii imefichwa na kanuni inayofundishwa pamoja na zoezi, kwamba "the" ni kwa kitu maalumu au kitu kinachojulikana. Kanuni hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi. Kinachojulikana na nani? Fikiri mtu anayesimulia:

"Yesterday I met …… man from Pemba."

Msimulizi anamjua mtu huyo. Alimwona kwa macho, alimpa mkono, pengine anajua hata jina la baba yake. Kwake yeye mtu huyo ni maalumu kabisa. Mwanafunzi mwaminifu anayeifuata kanuni aliyopewa ataandika "the", naye atakuwa amekosea, kwa sababu Kiingereza hakimtazami msemaji peke yake. Kinauliza kama msikilizaji naye anaweza kumtambua mtu huyo kuwa ni yupi. Ikiwa hawezi, kineno ni "a", hata kama msemaji amelala nyumba moja na huyo Mpemba kwa mwaka mzima.

Kosa hili si uzembe wa watoto wetu. Mwaka 2004 Tania Ionin, Heejeong Ko na Kenneth Wexler walichapisha utafiti juu ya watu wazima wanaojifunza Kiingereza ambao lugha zao za kwanza ni Kirusi na Kikorea, lugha ambazo, kama Kiswahili, hazina vineno vya aina hii. Waligundua kwamba makosa ya wanafunzi hao hayakutapakaa ovyo. Yalikusanyika hasa mahali kama pa yule mtu wa Pemba, ambapo msemaji ana kitu mahususi akilini na msikilizaji hana habari nacho. Hapo wanafunzi waliyumba, mara "a", mara "the". Tena watafiti hao nao walitumia pengo, lakini walilitia ndani ya mazungumzo mafupi, yakionyesha nani anazungumza na nani na kila mmoja anajua nini. Kwa hiyo ugomvi wangu si na pengo. Ni na pengo lililonyang'anywa wazungumzaji wake.

Sasa niingie katika lile linalotuhusu zaidi. Mwalimu akishaona mapengo yamejazwa vibaya, huwa na maelezo tayari: Kiswahili hakina vineno hivi, basi Mswahili hana dhana yake, na hana budi kukariri. Maelezo hayo ni ya mtu ambaye hajaisikiliza lugha yake. Kiswahili hakina vineno, ni kweli. Dhana kinayo, na kinayo kwa wingi.

Sikiliza hadithi yoyote inavyofunguliwa. Palikuwa na mfalme mmoja. Mfalme yule alikuwa na binti. Hakuna bibi atakayeanza na "mfalme yule" wakati wajukuu hawajamsikia mfalme yeyote. Akianza hivyo watamkatiza na kumuuliza, mfalme yupi? Wala hataendelea kusema "mfalme mmoja" katika kila sentensi, maana watadhani amewaletea wafalme kumi. "Mmoja" wa hadithi hahesabu watu. Anamwambia msikilizaji: huyu humjui, mpokee. "Yule" anamwambia: ni huyu huyu niliyekwisha kukukabidhi. Hiyo ndiyo kazi ya "a" na "the" katika hadithi ya Kiingereza.

Tena "mmoja" wetu ana ncha kali kuliko "a". Ninaposema "natafuta mwalimu", huenda mwalimu yeyote atanifaa. Ninaposema "kuna mwalimu mmoja ninamtafuta", nina mtu wangu, ila wewe humjui. Kiingereza huweka "a" katika hali zote mbili, na huacha maneno mengine yaeleze tofauti. Kwa hiyo yule mtu wa Pemba, ambaye huwayumbisha wanafunzi, kwa Kiswahili hana utata hata kidogo: jana nilikutana na mtu mmoja wa Pemba. Hakuna Mswahili atakayesema "yule mtu wa Pemba" kwa msikilizaji asiye na habari. Mwanafunzi angeambiwa kwamba palipo na "mmoja" wa hadithi Kiingereza huweka "a", na kwamba kujua kwake mwenyewe hakutoshi, angepona kosa ambalo kanuni ya "kitu maalumu" ndiyo inayomtia.

Kisha kuna kiambishi cha mtendwa, ambacho washairi mnakijua kwa karibu kuliko walimu. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" si sentensi moja. Ya kwanza yaweza kusemwa kwa mtu yeyote anayeuliza nilishindaje. Ya pili inamtaka msikilizaji awe anakijua kitabu hicho: ndicho alichoniazima, au ndicho tulichokuwa tukikitaja. Mshairi anayepungukiwa na mizani moja hushawishika kuchomeka "ki". "Nimeona chombo" ni mizani sita. "Nimekiona chombo" ni saba, na mshororo umetimia. Lakini msikilizaji mwenye sikio ataduwaa: chombo kipi? Mbona hukunitajia? Mizani imetengenea na maana imepinda. Mwenye kuduwaa hivyo ana dhana yote inayohitajika ili kuelewa "the". Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba Kiingereza hubandika alama yake mbele ya nomino, ilhali sisi huiweka ndani ya kitenzi, au baada ya nomino, au tukaiacha kabisa hali yenyewe inapotosha.

Neno hilo la mwisho, "tukaiacha", ndilo linaloleta kasoro ya pili ya zoezi, nayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza. Kwa Mswahili, kutia alama ni hiari katika mahali pengi. Kwa Mwingereza, takriban kila nomino ya umoja inayohesabika lazima itanguliwe na kitu: kineno kimoja kati ya hivi, au kimilikishi, au kionyeshi. Kwa hiyo kosa kubwa la mwanafunzi wetu anapoandika insha si kuchagua "a" badala ya "the". Ni kuandika nomino tupu, "I saw snake", na kupita bila kuhisi kwamba pameachwa kitu. Haoni pengo. Na zoezi la kujaza mapengo hufanya nini? Humchorea pengo. Kazi iliyo ngumu kwake, ya kutambua kwamba hapa panatakiwa kineno, imekwisha kufanywa na mpiga chapa kwa mstari wa nukta. Ndiyo maana mwanafunzi hupata tisa kati ya kumi katika zoezi, na siku ya pili akaleta insha isiyo na "a" hata moja. Mwalimu hushangaa kwamba amesahau. Hakusahau, hakupimwa.

Inafaa kukumbuka pengo lilikotoka. Mwaka 1953 Wilson Taylor, mtaalamu wa mambo ya uandishi wa habari huko Marekani, alipendekeza njia ya kupima ugumu wa maandishi: chukua matini nzima, futa neno moja kila baada ya idadi maalumu ya maneno, kisha uone msomaji anaweza kuyarudisha mangapi. Msingi wake ulikuwa kwamba maneno yaliyobaki, mbele na nyuma, yanamsaidia msomaji kuliziba pengo. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne nchini Kenya, katika karatasi yake ya kwanza, bado una sehemu ya namna hiyo: kifungu kimoja kinachosomeka, chenye mapengo kumi. Zoezi la sentensi kumi zisizojuana limeirithi alama ya pengo na kuutupa msingi wake.

Badala yake nini? Sitaki kuwaachia walimu lawama tupu. Hiki hapa kifungu kidogo ambacho vineno vyote vimeondolewa, wala hakuna mstari mtupu popote:

"Old man lived near sea. He had boat and dog, and he sold fish in town. One morning dog was sick, so man left boat on beach and went to look for doctor."

Mwanafunzi anaambiwa jambo moja tu: vineno tisa vimeondolewa, virudishe. Haambiwi viko wapi. Kifungu kamili ni hiki:

"An old man lived near the sea. He had a boat and a dog, and he sold fish in town. One morning the dog was sick, so the man left the boat on the beach and went to look for a doctor."

Tazama jinsi kila uamuzi unavyoweza kutetewa. Mzee, mashua na mbwa wanaingia kwa "an" na "a", kwa kuwa msomaji anakutana nao mara ya kwanza. Huyu ni mzee mmoja, hii ni mashua moja. Wanaporudi, mbwa, mzee na mashua huchukua "the", kwa kuwa tumekwisha kukabidhiwa. Bahari haikutajwa kabla, lakini ina "the", na ufuo nao ni hivyo hivyo: bahari huchukuliwa kuwa inajulikana, na palipo na bahari ufuo hauhitaji utangulizi. Samaki hawana kineno, kwa kuwa ni bidhaa kwa jumla, si samaki fulani. "Town" nayo imeachwa tupu kwa mazoea ya lugha, ingawa aliyeandika "in the town" asihukumiwe.

Sasa tuseme mwanafunzi ameirudisha hivi:

"Old man lived near the sea. He had a boat and a dog, and he sold the fish in town. One morning the dog was sick, so the man left boat on the beach and went to look for the doctor."

Mwalimu asihesabu alama kwanza. Atenge makosa kwa aina. Yaliyoachwa ni mawili, mbele ya mzee na mbele ya mashua ya pili. Lililozidishwa ni moja, mbele ya samaki. Lililobadilishwa ni moja, mbele ya daktari. Mwanafunzi huyu angepewa kifungu hicho hicho kikiwa na mapengo tisa yaliyochorwa, yale mawili ya kuachwa pengine yasingetokea, maana mstari ungemkumbusha. La samaki lisingeweza kutokea, kwa kuwa hapo hapana pengo. Lingebaki la daktari peke yake, naye angepata nane kati ya tisa. Katika makosa manne, karatasi ya zamani ingeficha matatu, na yale matatu ndiyo maradhi yake.

Na lile la nne je? Hapo mwalimu aulize: katika kijiji hiki cha hadithi wako madaktari wangapi? Mwanafunzi akijibu kwamba yuko mmoja tu, kila mtu anamjua, basi "the doctor" ni sahihi, apewe alama yake. Akijibu kwamba hajui, au kwamba ni daktari yeyote atakayepatikana, basi ameandika asilolikusudia, na amejifunza kwa swali moja lile ambalo sentensi mia zilizokatwakatwa zisingemfunza.

Najua nitakaloambiwa. Darasa lina watoto sitini au zaidi, mwalimu ni mmoja, na zoezi lenye jibu moja husahihishwa haraka. Ni kweli, lakini wepesi wa kusahihisha hauligeuzi jibu lisilo sahihi kuwa sahihi. Tena kifungu nilichokitoa kina maneno thelathini na matatu, kinaandikwa ubaoni kwa dakika chache, na wanafunzi wanaweza kusahihishana wawili wawili kwa kutumia aina zile tatu: ulichoacha, ulichozidisha, ulichobadilisha. Mwalimu atabakiwa na mabishano machache, na mabishano hayo ndiyo somo.

Pia sitadai kwamba "mmoja" na "yule" zitamfikisha mwanafunzi mwisho wa safari. Humfaa pale kitu kinapoingia katika habari na pale kinaporudi. Hazimfai kwa jua na mwezi, maana sisi husema jua limechwea bila "lile". Hazimfai kwa maneno ya jumla kama "life is hard", ambayo Kiingereza huyaacha tupu, wala kwa majina ya mito na milima yenye mazoea yake. Kiambishi cha mtendwa nacho kina mipaka: kwa watu na wanyama tunakiweka mara nyingi hata msikilizaji asipowajua, kwa hiyo "nimemwona mtoto" haithibitishi kitu. Sehemu hizo mwanafunzi atazipata kwa kusoma sana na kusahihishwa. Lakini hizo ni sehemu za ukingoni. Kiini cha jambo, yaani kupima kile msikilizaji anachokijua kabla hujafungua kinywa, mtoto wetu alikipata kwa bibi yake kabla hajaingia darasa la kwanza.

Kwa hiyo atakayetunga zoezi lijalo, kabla hajachora mstari wake mtupu, ajiulize nani anamwambia nani, na anayeambiwa anajua nini. Kama sentensi yake haina jibu la swali hilo, asimtake mwanafunzi alijibu. Na mwalimu atakayewaambia watoto kwamba lugha yao haijui kutofautisha kitu kinachojulikana na kisichojulikana, asimame mbele yao awasimulie hadithi akianza na "mfalme yule". Watamuuliza ni yupi, na hapo somo lake la Kiingereza litakuwa limeanza.